Baba aliyezaliwa wikendi moja: Jinsi jamu za gemu zinavyozaa gemu kubwa

UKISIKIA watengenezaji gemu wakisema wikendi hii wana jamu, usidhani wanazungumzia ile ya kupaka kwenye mkate, wala ile ya Thika Road saa kumi na moja jioni. Jamu yao ni shindano la kutengeneza gemu nzima, kuanzia wazo hadi kitu kinachochezeka, ndani ya muda mfupi uliopangwa. Mara nyingi ni saa 48. Jina limetoka kwa wanamuziki: mmoja anashika gitaa, mwingine ngoma, na bila mazoezi ya awali wanaanza kupiga ili waone kitakachotoka.

Gemu nyingi zinazotoka huko huchezwa siku chache kisha zinasahaulika. Lakini mara moja moja kuna ile inayokataa kufa. Inakua, na baada ya mwaka mmoja au miaka mitatu unaikuta ikiuzwa kwenye Steam, kwenye Nintendo Switch au hata kwenye simu yako. Baba Is You ilianza hivyo. Superhot pia. Broforce, iliyotengenezwa na kampuni ya Free Lives ya Cape Town, Afrika Kusini, hali kadhalika.

Sasa, kwa nini hizo na si zile zingine? Kwa msee mwenye laptopu, muda kidogo na ndoto ya kuishi kwa kutengeneza gemu, hili si swali la kupiga nalo stori tu. Ukikosea jibu, unaweza kumaliza miaka miwili ukikuza kitu ambacho kwa kweli kilikuwa kimeisha wikendi ile ile.

Saa 48 zinavyokwenda

Mojawapo ya jamu maarufu zaidi za mtandaoni ni Ludum Dare, iliyoanzishwa na Geoff Howland mwaka 2002. Ina njia mbili kuu za kushiriki. Ya kwanza ni Compo: uko peke yako, una saa 48, na picha, sauti na msimbo wote lazima uvitengeneze mwenyewe ndani ya saa hizo. Ya pili inaitwa Jam: una saa 72, unaweza kuwa na timu, na masharti ni mepesi kidogo. Kuna pia Global Game Jam, iliyoanza mwaka 2009, ambapo watu hukutana ana kwa ana kwenye vituo katika nchi nyingi. Halafu kuna GMTK Game Jam, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Mark Brown, mtengenezaji wa video za YouTube kuhusu usanifu wa gemu. Hiyo hufanyika mtandaoni, kwa hivyo aliyeko Kisumu na aliyeko Tokyo wanaanza wakati mmoja.

Karibu zote zina kitu kimoja kinachofanana: mada. Hutajwa saa ya kuanza inapofika, si kabla. Lengo ni kuzuia mtu asije na gemu aliyoipika nyumbani mwezi mzima. Lakini mada ina kazi nyingine muhimu zaidi. Inakunyima nafasi ya kuanza na ile gemu kubwa unayoiota tangu darasa la nane, na inakulazimisha utafute wazo dogo sasa hivi.

Hebu tupige hesabu. Ukilala saa saba kila usiku, usiku mbili zinachukua saa 14. Kula, kuoga na kunyoosha mgongo zinachukua saa sita hivi. Umebaki na saa 28. Hapo hujakumbana na stima kupotea wala bando kuisha. Hizo saa 28 ndizo gemu yako.

Waliozoea hawaanzi na picha. Saa mbili au tatu za kwanza ni za kuwaza, na mara nyingi wazo la kwanza hutupwa, kwa sababu lililokujia wewe haraka limewajia wengine mia pia. Baada ya hapo, lengo ni kwamba ndani ya saa sita au nane kuwe na kitu kinachosonga kwenye skrini. Mchezaji ni mraba mweupe, adui ni mraba mwekundu, ukuta ni mraba wa kijivu. Hakuna muziki wala hadithi. Kinachopimwa ni kanuni moja tu ya gemu: je, ukiifanya mara ya kwanza, una hamu ya kuifanya tena?

Nusu ya muda ikifika, gemu inapaswa kuchezeka kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama ni mbaya machoni. Siku ya pili ni ya levo, picha na sauti. Saa nne za mwisho hazina wazo jipya hata moja. Ni za kurekebisha hitilafu, kumkalisha mtu ambaye hajaiona gemu acheze huku wewe umefunga mdomo, kisha kuipakia mtandaoni.

Hapo mwishoni ndipo wengi huumia. Gemu za jamu huchezwa zaidi zikifunguka moja kwa moja kwenye brauza, kwa sababu watu wachache hukubali kupakua faili ya mtu wasiyemjua. Kwenye tovuti ya itch.io, kwa mfano, unapakia faili moja ya zip ambayo ndani yake kuna `index.html`. Inaonekana rahisi. Halafu unagundua kwamba msimbo wako unaita picha `adui.png` ilhali faili yenyewe umeiita `Adui.png`. Kwenye laptopu yako ya Windows ilifanya kazi vizuri kabisa, kwa kuwa Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Seva ya mtandaoni inatofautisha. Matokeo yake, adui haonekani, na makataa yamebaki dakika kumi. Ndiyo maana wazoefu hupakia toleo bovu mapema, siku ya kwanza ikiisha, ili hitilafu kama hizo zijitokeze kukiwa bado na muda.

Makataa yakipita, kunafuata awamu ambayo wengi hawaijui: kuchezeana gemu. Katika Ludum Dare, washiriki wenyewe ndio huchezeana na kupeana alama kwa wiki kadhaa, katika vipengele kama ubunifu, utamu, mada, picha na sauti. Ukicheza za wenzako na kuwaachia maoni, yako pia husukumwa mbele ili ichezwe. Hapo ndipo unapata kitu ambacho hela ni ngumu kununua: makumi ya watu wasiokujua, wasio na sababu ya kukubembeleza, wakikwambia mahali walipokwama na mahali walipocheka.

Baba hakuwa mzazi

Sasa tuingie kwenye mfano mmoja kwa undani. Mwaka 2017, kwenye Nordic Game Jam mjini Copenhagen, mada ilikuwa Not There. Mmoja wa walioshiriki alikuwa Arvi Teikari, kijana wa Finland anayejulikana kwa jina la Hempuli. Hakuwa mgeni wa kazi hii. Alikuwa ametengeneza gemu ndogo ndogo kwa miaka mingi, na mwaka 2015 alikuwa ametoa Environmental Station Alpha.

Wengi wakisikia mada kama hiyo huwaza mizimu au vitu visivyoonekana. Teikari yeye alilishika neno lile la kwanza, NOT. Kwa mwandika msimbo, NOT si neno la kawaida tu. Ni amri ya kimantiki inayogeuza ndiyo kuwa hapana. Picha iliyomjia ni ya vipande vya barafu vilivyo katikati ya lava ya moto na haviyeyuki, kwa sababu tu mahali fulani kwenye skrini kumeandikwa kwamba barafu haiyeyuki. Yaani maandishi ndiyo sheria, na sheria ni kitu unachoweza kukisukuma.

Kutoka hapo ikazaliwa Baba Is You. Kabla hujacheka, Baba hapa si mzazi. Ni kijidude cheupe chenye masikio. Unaposonga kwenye levo ya kwanza, unakuta vijisanduku vya maneno vimepangwa hivi:

```
BABA IS YOU
FLAG IS WIN
WALL IS STOP
ROCK IS PUSH
```

Maana yake ni kwamba wewe ni Baba, bendera ndiyo ushindi, ukuta unazuia, na jiwe linasukumika. Kufikia hapo ni gemu ya kawaida ya kusukuma mawe. Tofauti ni kwamba maneno yenyewe pia yanasukumika. Ukiliondoa neno STOP kwenye mstari wake, sentensi inavunjika, na kuta zote zinakuwa mapambo tu. Unapita katikati yake kama mzimu. Ukilitoa neno ROCK kwa sentensi yake na kuliweka mahali pa FLAG, jiwe linakuwa ushindi. Ukiliweka mahali pa BABA, mawe yote yaliyo kwenye skrini yanakuwa wewe, na yanasonga pamoja unapobonyeza kitufe.

Na ukiivunja BABA IS YOU yenyewe? Hapo hakuna aliye wewe. Unabonyeza, hakuna kinachosonga, na njia iliyobaki ni kurudi nyuma hatua moja.

Ukiitazama kama mwanaprogramu, wazo hili halihitaji mambo mengi. Baada ya kila hatua, programu inaweza kupita kwenye gridi, mlalo na wima, ikitafuta maneno matatu yaliyofuatana: jina, IS, kisha sifa. Kila sentensi iliyokamilika inaingia kwenye orodha ya sheria. Kisha kila kitu kwenye skrini kinaulizwa, je, kuna sheria inayokuhusu? Hiyo ni kazi ambayo mtu mzoefu anaweza kuifikisha mahali pa kuchezeka ndani ya wikendi, na picha zake zinaweza kuwa za mistari michache tu bila kuharibu chochote.

Gemu hiyo ilishinda jamu. Teikari akaiweka mtandaoni bure na watu wakaanza kuicheza. Mapema mwaka 2018, kabla hata haijauzwa, ilipata tuzo mbili za Independent Games Festival, moja ya usanifu bora na nyingine ya gemu bora ya mwanafunzi. Toleo kamili lilitoka Machi 13, 2019, kwa kompyuta na Nintendo Switch, likiwa na levo zaidi ya 200. Mwaka 2021 likafika kwenye simu.

Soma tena tarehe hizo. Wazo lilichukua wikendi. Gemu ilichukua karibu miaka miwili.

Wazo linalozaa maswali

Kwa nini hii ilistahili miaka miwili? Jibu liko kwenye kanuni yenyewe. Ukimpa mtu sheria za Baba Is You na karatasi tupu, ataanza kuuliza maswali bila kuombwa. Je, ukiandika kwamba ukuta ni wewe? Je, ukiwa na Baba wawili? Je, kitu kikiwa wewe na ushindi kwa wakati mmoja? Je, ukiandika kwamba Baba ni jiwe? Kila swali ni levo. Mtengenezaji hakuwa na kazi ya kubuni vitu vya kurefusha gemu. Kazi yake ilikuwa kuchagua maswali mazuri na kuyapanga, rahisi kwanza na magumu baadaye.

Superhot ina tabia hiyo hiyo. Ilitengenezwa mwaka 2013 na timu ya Poland iliyoongozwa na Piotr Iwanicki, kwa jamu ya siku saba iitwayo 7DFPS, ambayo ni ya gemu za kupiga risasi pekee. Kanuni yake inatoshea kwenye sentensi moja: muda unasonga pale tu unaposonga wewe. Ukisimama tuli, risasi inayokuja usoni inaganda hewani. Ukipiga hatua, nayo inapiga hatua. Kwenye msimbo, kiini cha wazo kama hilo kinaweza kuandikwa kwa mistari miwili:

```
let kasi = mchezajiAnasonga ? 1 : 0.03;
muda += delta * kasi;
```

Huu ni mchoro wa kuonyesha wazo, si msimbo wa gemu yenyewe. Mstari wa kwanza unasema kwamba mchezaji akisonga, muda unakwenda kwa kasi ya kawaida, na asiposonga, unatambaa kama konokono. Basi. Lakini ghafla gemu ya kupiga risasi, ambayo kwa kawaida inataka vidole vyepesi, inakuwa ya kufikiri kama drafti. Kila chumba, kila silaha na kila idadi ya maadui inauliza swali jipya.

Linganisha na gemu ya jamu ambayo wazo lake ni mbio za matatu usiku. Inaweza kubamba kweli. Picha ni kali, muziki ni fiti, manamba ananing'inia mlangoni. Lakini uliza levo ya pili ina nini. Matatu nyingi zaidi. Ya tatu? Kasi zaidi. Ya nne? Mvua. Ukiona kila levo mpya ni ile ya jana iliyoongezwa idadi au kasi, jua kwamba kanuni imeshasema yote iliyokuwa nayo. Haimaanishi gemu ni mbaya. Inamaanisha ilitoshea wikendi, na hapo ndipo mahali pake.

Hili unaweza kulipima bila kuandika mstari hata mmoja wa msimbo. Chukua karatasi na uandike levo kumi. Kwa kila moja, andika sentensi moja inayosema mchezaji atagundua nini ambacho hakukijua kwenye levo iliyotangulia. Ukifika kumi na bado unaandika, una kitu mkononi. Ukikwama kwenye ya tano na kuanza kuandika "maadui zaidi", umepata jibu lako, na limekugharimu nusu saa badala ya mwaka.

Kinachobaki baada ya makofi

Tuseme karatasi imejaa na watu wanakuuliza itatoka lini. Hapo ndipo kazi ambayo haionekani inapoanza.

Msimbo wa jamu huandikwa kama nyumba ya mabati ya muda. Unasimama, lakini haubebi ghorofa ya pili. Namba zimechomekwa popote, levo zimeandikwa katikati ya msimbo badala ya faili zake, na kitu kimoja kikibadilishwa, vitatu vinavunjika. Ndiyo maana watengenezaji wengi huitupa programu ya jamu na kuanza upya, wakibaki na kanuni pekee. Kinachouma ni kwamba kwa miezi ya kwanza utakuwa ukifanya kazi kwa bidii ili ufike mahali ulipokuwa Jumapili ile jioni.

Kisha kuna vitu ambavyo hakuna anayevidai kwenye jamu lakini mnunuzi atavidai: kuhifadhi mchezo ili uendelee kesho, menyu, kubadilisha vitufe, maandishi yanayosomeka kwenye skrini ndogo, lugha kadhaa, na kufanya kazi kwenye kompyuta za watu zenye kadi za picha za kila aina. Hakuna kinachoongeza utamu. Kikikosekana hata kimoja, mnunuzi anarudishiwa hela yake.

Halafu kuna hela yenyewe. Hapa jaribio la jamu linafanya kazi ya pili: linathibitisha kwamba watu wapo. Timu ya Superhot iliweka gemu yake ya siku saba kwenye brauza bure, ikasambaa. Mwaka 2014 walipoomba mchango kupitia Kickstarter, waliomba dola 100,000 na wakapata zaidi ya dola 250,000. Waliochangia hawakuwa wakinunua ahadi tupu. Walikuwa wameshaonja. Gemu kamili ilitoka Februari 2016, miaka miwili na nusu baada ya jamu.

Free Lives walifuata njia nyingine. Jaribio lao la Ludum Dare ya Aprili 2012 liliitwa Rambros. Lilikuwa la kukimbia na kupiga risasi, lenye mashujaa wanaokejeli filamu za mabavu za Hollywood, na ardhi inayobomoka unapoipiga. Watu walipolipenda, timu iliendelea kulikuza hadharani, ikitoa matoleo ya bure yanayochezeka wakati kazi ikiendelea. Mwaka 2014 wakaanza kuuza toleo ambalo halijakamilika kwenye Steam, na Oktoba 2015 Broforce ikatoka rasmi. Cape Town iko mbali na vituo vikubwa vya biashara ya gemu. Lakini gemu inayofunguka kwenye brauza haiulizi umeketi wapi, na miaka hiyo yote waliitumia kujenga kundi la wachezaji lililokuwa tayari kulipa siku ilipofika.

Zinazopita njia ya mkato

Kuna ambazo hazikuhitaji miaka. Januari 2013, kwenye Global Game Jam, mada ilikuwa sauti ya moyo unaodunda. Timu ya Bossa Studios ya London ikatengeneza Surgeon Simulator, ambapo wewe ni daktari unayejaribu kupandikiza moyo, ila kila kidole cha mkono wako kina kitufe chake kwenye kibodi. Kuokota kisu tu ni kibarua. Unaangusha saa yako ndani ya kifua cha mgonjwa na kumvunja mbavu ukijaribu kuitoa. Jamu ilichukua saa 48. Toleo la kuuza walilitengeneza kwa siku 48, likatoka Aprili mwaka huo huo.

Hapa kipimo cha karatasi kingeweza kudanganya, kwa sababu gemu hii haihitaji levo 200. Inahitaji kuchekesha, na kuchekesha mtu anayetazama pia. Video za watu wakicheza zilisambaa YouTube, na kila mgonjwa aliyeharibiwa likawa tangazo la bure. Lakini angalia walichokifanya kwa wazo hilo. Hawakulinyoosha kuwa gemu ya saa 40. Kichekesho kina urefu wake, nao waliuheshimu. Walitoa kitu kidogo, haraka, watu wakiwa bado wanacheka.

Kwa hivyo kuna maswali mawili tofauti. Kwa kanuni inayozaa maswali, jiulize ina maswali mangapi. Kwa kichekesho, jiulize unaweza kukifikisha sokoni kwa haraka kiasi gani kabla hakijapoa. Kosa ni kuichukua ya pili na kuitendea kama ya kwanza.

Usidanganywe na "imeweza"

Ishara za kwamba gemu yako ya jamu ina maisha mbele hazipo sana kwenye alama. Alama za jamu hutolewa na watengenezaji wenzako, waliocheza dakika tano, wakijua ulikuwa na saa 48 pekee. Wanakupigia makofi kwa jinsi ulivyofanya, na mnunuzi hatajali hilo hata kidogo. Gemu inaweza kushika nafasi ya juu kwa picha nzuri halafu isipate mnunuzi.

Angalia badala yake watu wanafanya nini. Maoni ya "imeweza bro" ni ya heshima, hayana habari. Maoni ya "levo ya nne niliipita kwa kusukuma ile kitu ukutani, sijui kama ulikusudia" yana dhahabu. Huyo amefikiri kwa kanuni yako hadi akagundua kitu ambacho hata wewe hukukijua. Mtu aliyemaliza levo zako tatu na kuuliza zingine ziko wapi amekwambia mengi kuliko aliyekupa alama tano. Na mtu aliyerudi kucheza wiki ya pili, wakati jamu imeshaisha na hakuna anayemhesabu, huyo ndiye wa kumsikiliza zaidi.

Nawe pia jiangalie. Baada ya jamu, iache gemu wiki mbili bila kuigusa. Mwili utakuwa umepumzika na ile furaha ya kumaliza itakuwa imeshuka. Kisha ifungue na ucheze. Ukiona unafungua karatasi kuandika levo ya kumi na moja bila mtu kukuomba, endelea. Ukiona unaanza kurekebisha rangi ya menyu, iache mtandaoni ilipo, bure, na usubiri mada ya jamu inayofuata.